Cheti cha dawa cha mtoto: mnakagua nini kabla ya kuitoa dawa dirishani?

Mfamasia wa Chake

Assalaam alaykum, wanajukwaa. Nafungua uzi huu kwa sababu ya cheti kimoja nilichokipokea hapa Chake Chake katika msimu wa karafuu, ambacho kila mstari wake ulikuwa sahihi ukiusoma peke yake, lakini kwa jumla kingemdhuru mtoto.

Cheti kilisema umri ni 1½ na uzito ni kilo 18. Chini yake ziliandikwa dawa tatu: vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka, miligramu 750 mara 2 kwa siku 5, kwa nimonia, parasetamoli ya maji, mililita 10 mara 4 kwa siku 3, na promethazini ya maji, mililita 5 kila usiku, kwa kikohozi. Aliyekileta ni bibi yake mtoto, kwa kuwa mama alikuwa shambani akichuma karafuu, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala begani mwa bibi.

Msaidizi wangu alikwisha kuhesabu vidonge 30 vya miligramu 250, na hesabu yake haikuwa na kasoro. Dozi ya nimonia ni miligramu 40 kwa kila kilo kwa kila mara, hivyo kilo 18 zinatoa miligramu 720, na jedwali la vidonge linampa mtoto wa kilo 14 hadi 19 vidonge 3 kila mara. Aliyeandika dawa alikuwa amehesabu vizuri kabisa. Kilichonisimamisha ni mtoto niliyemwona begani. Kilo 18 ni uzito wa kawaida wa mtoto wa miaka 5 anayekaribia kuanza skuli, ilhali watoto wengi wa miezi 18 huwa kati ya kilo 8 na 14. Nilimwomba bibi tumpime, na mizani yetu ikasoma kilo 10.4.

Nilipompigia simu tabibu aliyeandika, tuligundua chanzo: mahali pa kuandikisha wagonjwa umri uliandikwa kwa miezi, yaani 18, na wakati wa kunakili namba hiyo ikaingia kwenye nafasi ya uzito. Kwa kilo 10.4 amoksilini ikawa vidonge 2 kila mara, yaani vidonge 20 badala ya 30.

Amoksilini ina nafasi pana, na huenda mtoto angeharisha tu. Parasetamoli ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Cheti kilisema mililita 10 bila kutaja nguvu ya dawa. Kwa chupa yetu ya miligramu 120 katika mililita 5, mililita 10 ni miligramu 240, ambazo kwa mtoto wa kilo 10.4 ni miligramu 23 kwa kilo kila mara, wakati mpaka wa juu ni 15. Zikitolewa mara 4 kwa siku ni zaidi ya miligramu 92 kwa kilo, na mimi sivuki 60. Lau rafuni ingekuwapo chupa ya miligramu 250 katika mililita 5 peke yake, mililita hizo hizo 10 zingekuwa miligramu 500 kila mara, na kwa siku 3 hilo ni jambo la kuliogopea ini la mtoto. Tulibadilisha ikawa mililita 6 za chupa ya 120, kila baada ya saa 6, zipimwe kwa sirinji.

Promethazini haikuwa suala la uzito kabisa. Haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2, hata awe mzito namna gani, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi, na huyu alikuwa tayari anapumua kwa taabu ya nimonia. Tabibu alikubali ifutwe.

Tangu siku hiyo nimebandika karatasi dirishani yenye utaratibu wa kufuatwa kabla ya kuishika chupa: kwanza uzito, na lazima tujue umepimwa lini na wapi, pili umri, kwa miezi ikiwa mtoto hajafikisha miaka 2, uulizwe kwa mdomo na si kusomwa tu, kisha ulinganishwe na uzito, tatu dozi kwa kilo, ya kila mara na ya siku nzima, nne miligramu zigeuzwe kuwa mililita za chupa iliyopo mkononi, si ya chupa tuliyoizoea, na mwisho mzio. Hilo la mwisho ndilo ninalolifanya vibaya. Nauliza, "Mtoto ana mzio?" na karibu wote hujibu "hana" kabla sijamaliza. Je, nyinyi mnaliulizaje? Na mnafanya nini tabibu asipopatikana kwenye simu?

Muuzaji Dawa Konde

Wa alaykum salaam, Mfamasia. Ninakubaliana na mengi, lakini suala la mizani naona limekuzwa. Sisi wenye duka dogo la dawa hatuna mizani ya watoto, na wengi wanaokuja na cheti hawaji na mtoto. Mimi hutumia kanuni niliyofundishwa: umri wa miaka ujumlishe na 4, kisha uzidishe kwa 2. Kwa mtoto wako wa mwaka na nusu inatoa kilo 11, ambazo ni karibu sana na 10.4 ulizozipata. Kwa nini basi nisitoe dozi kwa kanuni hiyo hiyo?

Mfamasia wa Chake

Ndugu yangu wa Konde, kanuni hiyo ingelinikamatia kosa hili bila mizani, na kwa kazi hiyo ninaiunga mkono moja kwa moja. Kukamata kosa na kupanga dozi, hata hivyo, ni kazi mbili. Mwaka jana nilimpokea mtoto wa miaka 3 aliyedhoofu. Kanuni inampa kilo 14, lakini mizani ilimpa 9.6. Dozi ya kilo 14 kwa mtoto yule ingekuwa kubwa kwa karibu nusu ya dozi inayomfaa, na mtoto aliyedhoofu ndiye mwenye akiba ndogo kabisa katika ini lake. Kanuni inamjua mtoto wa wastani, na huyo si lazima awe ndiye aliyekuja dirishani.

Kama mizani ya watoto haipo, ile ya kawaida ya kusimamia inatosha: mpime mama amembeba mtoto, kisha mama peke yake, utoe tofauti. Haifiki usahihi wa mizani ya kliniki, hasa kwa mtoto mchanga, lakini kosa la nusu kilo kwa mtoto wa kilo 10 ni dogo kuliko kukisia. Na mtoto asipokuwapo, ulizia kadi ya kliniki na uangalie tarehe ya kipimo cha mwisho. Kipimo cha miezi 5 iliyopita kwa mtoto wa miezi 8 si uzito wake wa leo.

Mwanafunzi wa Famasi

Naomba kuuliza kwa heshima, kwa sababu nadhani kuna kosa katika hesabu ya mwenye uzi. Katika maandishi yangu ya darasani amoksilini kwa nimonia ni miligramu 80 kwa kilo, mara mbili. Kwa kilo 10.4 hiyo ni miligramu 832 kila mara. Ikiwa ni hivyo, zile miligramu 750 za awali zilikuwa karibu na usahihi, na miligramu 500 alizobadilishiwa ni kumpunguzia mtoto dawa.

Mkongwe wa Dirishani

Mwanangu, umeuliza vizuri, na kosa lako wamelifanya watu wenye miaka mingi kazini. Nimekaa dirisha la watoto Unguja kwa muda mrefu, na katika makosa ya dozi niliyoyaona, hili la kuchanganya "kwa siku" na "kwa kila mara" ndilo lililorudi mara nyingi kuliko yote.

Hizo 80 ni za siku nzima, zinazogawanywa mara mbili, ndipo zinapotoka 40 za kila mara. Ukizichukua 80 na kuzitoa mara mbili, umempa mtoto 160 kwa siku. Vitabu havikubaliani namna ya kuandika: kimoja huandika jumla ya siku kisha kikasema igawanywe, kingine huandika cha mara moja kisha kikasema mara ngapi, na anayesoma kwa haraka huchukua namba ya kitabu cha kwanza na maneno ya kitabu cha pili. Dawa ni ile ile, mtoto ni yule yule, dozi imekuwa maradufu.

Kwa hiyo dirishani kwangu hesabu hufanywa kwa njia mbili, na ya pili huanzia kwenye cheti, si kwenye kitabu. Chukua kilichoandikwa, kizidishe kwa mara za siku, ugawe kwa kilo za mtoto, ndipo ulinganishe na kitabu. Kwa mtoto huyu: 500 mara 2 ni 1,000, gawa kwa 10.4, unapata 96. Imezidi 80 kidogo, na utaona ni kwa sababu vidonge havikatwi vipande vidogo na jedwali limekusanya kilo 10 hadi karibu 14 katika safu moja. Hilo linakubalika. Kisha fanya hivyo kwa 750: mara 2 ni 1,500, gawa kwa 10.4, unapata 144. Hapo simu inapigwa.

Naongeza jambo moja ambalo Mfamasia wa Chake hakulitaja. Kuzidisha kwa kilo kuna mwisho wake. Mtoto wa miaka 12 mwenye kilo 70 ukimzidishia parasetamoli kwa 15 utapita gramu 1, ambayo ndiyo dozi ya mtu mzima. Hakuna mtoto anayepewa zaidi ya dozi ya mtu mzima kwa sababu ya kilo tu.

Mama Watatu

Samahani, mimi si mtu wa dawa, ila nimeufuata uzi huu kwa sababu yamenikuta. Mwezi uliopita nilikaa zaidi ya saa nzima nje ya dirisha na mtoto mwenye homa, nikaambiwa wanamtafuta daktari kwa simu. Hakuna aliyeniambia sababu. Nilidhani dawa imekwisha na wanaona haya kusema. Mbona mnatuweka wakati cheti kimeandikwa na daktari na kina muhuri?

Na kuhusu mzio, niseme ukweli, neno hilo mimi nilikuwa nafikiri ni pumu. Mwanangu wa pili alipopewa Ampiklosi alivimba macho na akatoka mabaka mwili mzima kabla hata jua halijazama. Sisi tunasema dawa ile ilimkataa. Nikiulizwa ana mzio, nasema hana, maana pumu hana.

Mfamasia wa Chake

Bi Mama Watatu, nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu kwa ile saa nzima. Kumweleza mama kwamba "tunahakikisha kipimo, kwa sababu uzito ulioandikwa haufanani na mtoto" hakuchukui hata dakika moja, na haki hiyo ulikuwa nayo.

Lakini umenijibu swali langu kuliko vitabu. Kuanzia kesho nitauliza, "Kuna dawa iliyowahi kumkataa? Ilimfanya nini, na baada ya muda gani?" Tafadhali zingatia jambo moja kuhusu mwanao wa pili: Ampiklosi imo katika ukoo wa penisilini, pamoja na amoksilini na Ogimentini. Majina ya chupa yanatofautiana, lakini mwili wake utazijua zote. Mpeleke kwa daktari aandike jambo hilo kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, na ulitaje kila unapopewa cheti, hata usipoulizwa.

Muuzaji Dawa Konde

Hapo nasema jambo ambalo nina hakika nalo. Mtoto aliyekataliwa na penisilini asipewe pia sefaleksini wala dawa yoyote ya jamii hiyo, kwa sababu mmoja katika kila kumi atadhurika vile vile. Sisi hapa humpa erithromaisini, na mambo yanakwisha.

Mkongwe wa Dirishani

Uangalifu wako, ndugu wa Konde, ni mzuri, ila hesabu ya mmoja katika kumi ni ya zamani na imeonekana kuwa kubwa mno. Kinacholeta tatizo zaidi ni kufanana kwa mkia wa umbo la dawa. Sefaleksini ina mkia ule ule wa ampisilini, na sefadroksili ina ule ule wa amoksilini, kwa hiyo kwa mtoto wa Bi Mama Watatu umeipata sawasawa dawa ya kuepukwa. Seftriaksoni haifanani nazo, na hospitalini daktari anaweza kuichagua kwa mtoto wa namna hiyo akiwa na uangalizi wa karibu. Ukizikataza zote kwa pamoja, unaweza kumnyima mtoto mgonjwa sana dawa ambayo ingemfaa.

Na hiyo erithromaisini usiitoe kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu tu amoksilini imekatazwa. Mwite aliyeandika. Dawa mbadala inataka dozi yake, na kwa nimonia inataka pia mtu aliyemsikiliza mtoto kifua.

Tabibu wa Kengeja

Mimi niko upande wa pili wa cheti, naandika dawa kijijini. Nashukuru kuona simu hizi zinavyofikiriwa, maana kwa upande wetu mara nyingine huonekana kama kukosolewa. Nakiri kwamba tulikuwa tukiandika miezi kwa mtindo wa sehemu, kama 9/12 kwa miezi 9, na nimewahi kuona mtu mpya kazini akiisoma kuwa ni miaka 9. Sasa naandika neno "miezi" kwa ukamilifu.

Ninalo swali gumu zaidi kuhusu mzio. Wiki hii mama mmoja aliniambia mwanawe wa miaka 2 alipewa amoksilini akiwa na homa, na siku ya 5 akatoka vipele vidogo bapa, visivyowasha, bila kuvimba popote, vikaisha vyenyewe. Je, nimwandike kuwa ana mzio wa penisilini maisha yake yote?

Mkongwe wa Dirishani

Hadithi hiyo ni tofauti sana na ya Bi Mama Watatu. Mabaka yanayowasha na kuvimba macho au midomo ndani ya saa chache, au mtoto akikoroma na kupumua kwa shida, hayo hayajaribiwi tena nyumbani kamwe. Vipele bapa vya siku ya 5 kwa mtoto mwenye homa mara nyingi ni vya ugonjwa wenyewe, na watoto wengi walioandikwa kuwa na mzio wa penisilini huonekana hawana wanapochunguzwa. Ningeandika kadini kilichotokea hasa, "vipele bapa, siku ya 5, bila uvimbe", na si neno "mzio" peke yake, ili daktari wa kesho awe na cha kuamulia.

Mfamasia wa Chake

Hapa natofautiana nawe kidogo, Mkongwe. Kuandika hivyo nakubali. Lakini dirishani saa 10 jioni, bibi akiwa na mtoto asiyemlea yeye, siwezi kutenganisha siku ya 5 na saa ya 5 kwa kumbukumbu ya mtu wa pili. Mimi nitaizuia dawa mpaka nizungumze na mama. Nilimpigia mama wa mtoto yule shambani, na ndiye aliyenithibitishia kwamba amewahi kutumia amoksilini bila shida.

Mkongwe wa Dirishani

Nami ningeizuia, ikiwa anayejua hayupo. Tunatofautiana kuhusu kadi, si kuhusu dirisha.

Mwanafunzi wa Famasi

Nimerudia hesabu kwa kuanzia kwenye cheti na nimeliona kosa langu. Ahsante sana, Mwalimu. Limebaki swali la pili la mwenye uzi. Tabibu asipopokea simu kabisa, kwa nini mfamasia asipunguze tu dozi kuwa sahihi, ikiwa uzito anao na jedwali analo?

Tabibu wa Kengeja

Kwa upande wangu ningependa mfamasia anipunguzie dozi kisha anitumie ujumbe. Mtandao wetu ukikatika, unaweza kukatika mpaka usiku, na mtoto wa nimonia hawezi kungoja mpaka asubuhi.

Mkongwe wa Dirishani

Sikubali, ingawa najua mazingira. Mara nyingine dozi inayoonekana kubwa ina sababu ambayo haikuandikwa. Parasetamoli ya kiwango sahihi nitaitoa, maana haingoji cheti. Kwa dawa ya nimonia nitamtafuta tabibu mwingine wa kituo hicho au cha jirani amwone mtoto na aandike upya. Na mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika huku kifua kikibonyea kwa ndani, au akishindwa kunywa, sikai kupiga simu tena. Namtafutia gari la kwenda hospitali.

Muuzaji Dawa Konde

Jioni gari la kutoka huku kwetu si jambo la kupata wakati wowote, Mkongwe. Ningekuwa mimi na jedwali liko mbele yangu, ningempa dozi ya kwanza iliyo sahihi, na hiyo moja tu, kisha ndiyo nianze kutafuta gari.

Mfamasia wa Chake

Dozi ya kwanza tu, huku mtoto akiwa njiani kuelekea hospitali, nadhani hata mimi ningeitoa, na ningeiandika nyuma ya cheti pamoja na saa, uzito niliopima na sababu, ili atakayempokea ajue mtoto ameshapewa nini. Vidonge vilivyobaki nisingevitoa. Tabibu wa Kengeja, hebu waulize wenzako wa vituo vya jirani kama wako tayari kupokea simu kwa niaba yako ukiwa huna mtandao, kisha uniandikie hapa. Nikiwa na namba hizo ukutani, karibu na ile karatasi, swali la Mwanafunzi litanijia mara chache zaidi.

Mama Watatu

Nimeitafuta kadi ya mwanangu wa pili. Kuhusu mzio hapakuandikwa chochote, na uzito wa mwisho ni wa mwaka jana. Kesho asubuhi, inshallah, nakwenda naye kliniki kwa yote mawili.